Kucheua kwa kawaida au ugonjwa wa kurudi kwa asidi: namna ya kutofautisha kwa mtoto mchanga

Mzazi anayeona maziwa yakitoka mdomoni mwa mtoto kila baada ya kunyonya hukabiliwa na swali moja: je, huku ni kucheua tu kwa watoto, au ni ugonjwa unaohitaji daktari? Swali hilo ni gumu kwa sababu mambo haya mawili huanzia mahali pamoja na mara nyingi huonekana sawa kwenye kitambaa cha begani. Wengi hujaribu kulijibu kwa kuangalia wingi wa maziwa yanayotoka. Kwa maoni yangu kipimo hicho ndicho kinachopotosha kuliko vingine vyote, kwa kuwa mtoto anayecheua mara nane kwa siku anaweza kuwa mzima kabisa, na mwingine ambaye hacheui sana akawa ndiye anayeumwa. Kinachotenganisha hali hizi mbili ni mambo matatu: uzito wa mtoto unavyokwenda, namna maziwa yanavyotoka, na jinsi mtoto anavyokuwa wakati wa kunyonya.

Tuanze na kile ambacho hali zote mbili zinashiriki. Mwishoni mwa umio, yaani mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi kwenye mfuko wa chakula, kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi ya mlango. Kwa kawaida mlango huo hubaki umefungwa, ukafunguka wakati wa kumeza. Hata hivyo, hufunguka pia kwa muda mfupi bila mtu kumeza, na hilo hutokea kwa watu wa umri wote. Kwa mtu mzima kufunguka huko hakuonekani kwa macho, kwa sababu umio wake ni mrefu, hukaa wima muda mwingi wa siku, na hula vyakula vigumu. Mtoto mchanga ana umio mfupi, hulala karibu siku nzima, na chakula chake chote ni cha majimaji. Hivyo mlango unapofunguka, maziwa hupanda hadi mdomoni na kumwagika. Kupanda huko peke yake si ugonjwa. Huitwa ugonjwa pale tu kunapoleta madhara, kwa mfano mtoto asipokua ipasavyo, umio unapochubuka kwa asidi, au maziwa yanapoingia mara kwa mara kwenye njia ya hewa.

Kucheua kwa kawaida kuna mwendo wake unaotabirika, na mwendo huo ni ushahidi mzuri kwa mzazi. Huanza mapema, kwa kawaida kabla ya mtoto kutimiza wiki nane, hukua hadi kufikia kilele karibu na mwezi wa nne, kisha hupungua mtoto anapoanza kukaa na kula vyakula vizito. Kufikia mwaka mmoja, watoto tisa kati ya kumi huwa wameacha. Maziwa hutoka bila nguvu, yakitiririka pembeni mwa mdomo au yakija pamoja na gesi, na huweza kuwa mabichi kama yalivyoingia au yameganda kidogo, kwa kuwa yamekwisha kukutana na asidi. Kuganda huko huwatisha wengi bila sababu. Baada ya kucheua mtoto huendelea na shughuli zake: hutabasamu, hulala, au hutaka kunyonya tena papo hapo.

Kwa upande wa pili, mtoto mwenye ugonjwa huonyesha dalili zake zaidi kwenye kunyonya kuliko kwenye kitambaa. Huanza kunyonya kwa hamu, kisha baada ya dakika moja au mbili huachia chuchu, hulia, hukakamaa na kupinda mgongo kwa nyuma, hurudi kunyonya, halafu huachia tena. Mwingine hukataa kabisa, hata akiwa na njaa. Wapo wanaopaliwa au kukohoa kwenye kila mlo, au wanaopata maambukizi ya mapafu ya kurudiarudia. Na wapo ambao maziwa hupanda hadi nusu ya njia kisha wakayameza tena, ili mzazi asione chochote cha kufuta. Hiyo ndiyo sababu ya kusema kwamba kitambaa kikavu hakimwondolei mtoto shaka, kama vile kitambaa kilicholowa hakimtii hatiani.

Hapa pana tahadhari inayostahili nafasi yake. Kulia na kupinda mgongo peke yake havithibitishi ugonjwa. Watoto wazima hulia sana katika wiki za kwanza, kilio huwa kikali zaidi karibu na wiki ya sita, na hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Kwa kuwa kipindi hicho ndicho pia cha kucheua kuongezeka, ni rahisi kuunganisha mambo mawili yasiyohusiana na kusema mtoto analia kwa sababu ya asidi. Katika utafiti mmoja uliotangazwa mwaka 2009, watoto 162 waliodhaniwa kusumbuliwa na asidi waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa lansoprazoli, dawa ya kupunguza asidi, na jingine likapewa dawa isiyo na kitu. Walioonekana kupata nafuu walikuwa asilimia 54 katika kila kundi. Dawa haikuleta tofauti katika kilio, lakini waliopewa dawa walipata madhara makubwa zaidi, hasa maambukizi ya njia ya hewa. Asidi ya tumboni ina kazi ya kuua vijidudu, na kuipunguza bila sababu kuna gharama yake.

Ili tofauti ionekane wazi, tuwachukue watoto wawili wa mfano na kuwapima kwa vigezo vilevile.

Mtoto wa kwanza ana wiki kumi na anakunywa maziwa ya kopo. Hucheua mara saba au nane kwa siku, na mama yake anasema kwamba hutoa karibu chupa nzima. Kabla ya kukubali kauli hiyo, mama huyo anaweza kufanya jaribio dogo: achukue vijiko viwili vya chakula vya maji, ambavyo ni kama mililita 30, avimwage juu ya kitambaa kikavu, kisha alinganishe doa hilo na lile la mtoto. Karibu kila anayelifanya hushangaa jinsi kiasi kidogo kinavyotanda. Halafu twende kwenye mizani. Wiki mbili zilizopita mtoto huyu alikuwa na kilo 4.9 na leo ana kilo 5.4. Ameongeza gramu 500 kwa siku 14, yaani karibu gramu 36 kwa siku, wakati kinachotarajiwa katika miezi mitatu ya kwanza ni kati ya gramu 20 na 30. Maziwa anayobakiza tumboni yanamtosha na kuzidi.

Kuzidi huko ndiko kunakotupa jibu. Mtoto huyu hupewa chupa nane za mililita 130, jumla mililita 1040 kwa siku. Ukigawanya kwa kilo 5.4 unapata takriban mililita 193 kwa kila kilo, ilhali kiasi cha kawaida kwa mtoto wa umri huo anayetumia maziwa ya kopo ni karibu mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Mfuko wake wa chakula unajazwa kupita kiasi, na kinachozidi kinatafuta njia ya kutokea. Hatua ya kwanza ni kubaki na milo nane na kupunguza kila chupa hadi mililita 100, jumla mililita 800, ambayo ni karibu 148 kwa kila kilo. Chupa iinuliwe ili chuchu yake ijae maziwa na mtoto asimeze hewa, asimamishwe katikati ya mlo atolewe gesi, na baada ya mlo ashikwe wima kwa dakika 20 hivi bila kurushwarushwa. Akionyesha njaa ya kweli aongezewe kidogo, kwa sababu hesabu hii ni mwongozo wa kuanzia, na mtoto hapaswi kuachwa akilia njaa ili namba zitimie. Apimwe tena baada ya wiki moja au mbili. Mtoto huyu hahitaji dawa yoyote, hata akiendelea kucheua hadi mwezi wa nane.

Mtoto wa pili ana wiki tisa na ananyonya maziwa ya mama pekee. Hucheua mara mbili tu kwa siku, na ndiyo maana hakuna mtu nyumbani aliyefikiria tatizo la tumbo. Lakini kila mlo umekuwa vita: ananyonya kidogo, analia, anapinda mgongo, anakataa, na mama hutumia karibu saa nzima kumshawishi. Uzito wake ulikuwa kilo 4.60 wiki mbili zilizopita na sasa ni kilo 4.69. Ameongeza gramu 90 kwa siku 14, yaani zaidi kidogo ya gramu sita kwa siku. Nepi zilizolowa mkojo zimepungua kutoka sita hadi nne kwa siku. Huyu anapaswa kuonwa na daktari katika siku moja au mbili, bila kusubiri tarehe ya chanjo, na ikiwa atakaa saa sita hadi nane bila kukojoa au akaanza kulegea, apelekwe saa hiyohiyo.

Daktari atakayemwona mtoto wa pili hatakimbilia kuandika dawa ya asidi, na mzazi asidhani kwamba amepuuzwa. Jambo la kwanza litakalotazamwa ni unyonyaji wenyewe: jinsi mtoto anavyoshika titi, kama ulimi na kaakaa viko sawa, kama maziwa hutoka kwa kasi inayompalia. Pili, mkojo utapimwa, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo kwa mtoto mchanga huweza kuonekana kama kutapika na kutokua vizuri tu. Tatu ni suala ambalo mara nyingi husahaulika, mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, ambao hufanana mno na ugonjwa wa asidi. Kinachouelekeza ni choo chenye ute au damu, kuharisha kusikoisha, na ukurutu wa ngozi. Kwa mtoto anayenyonya, mama huombwa aache maziwa ya ng'ombe na vyote vilivyotengenezwa kwayo kwa wiki mbili hadi nne, huku akiendelea kunyonyesha. Kwa mtoto wa maziwa ya kopo, hubadilishiwa maziwa maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Baada ya muda huo maziwa ya ng'ombe hurudishwa kwa uangalizi ili kuona kama dalili zinarejea, maana bila hatua hiyo ya kurudisha hujui kama mabadiliko yalitokana na chakula au na umri. Dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, hufikiriwa hapo tu, hasa ikiwa mtoto bado anakataa kunyonya au haongezeki.

Baadhi ya watoto wana uwezekano mkubwa wa kupata ugonjwa wa kweli tangu mwanzo: waliozaliwa kabla ya wakati, wenye matatizo ya ubongo na misuli, na wale waliofanyiwa upasuaji wa umio au wa kiwambo cha kifua. Kwa hao, kusubiri na kutazama hakufai kama kunavyowafaa wengine, na wazazi wao wana haki ya kusisitiza uchunguzi mapema zaidi.

Mpaka hapa tumelinganisha mambo mawili, lakini kuna kundi la tatu ambalo si kucheua wala ugonjwa wa asidi, na kosa la kulichanganya na hayo mawili ndilo la hatari kuliko yote. Kuna matapishi ya kijani. Rangi ya kijani kwa mtoto mchanga ina maana kwamba nyongo imo, na nyongo humiminika kwenye utumbo chini ya mfuko wa chakula. Ikirudi juu, huenda njia imeziba au utumbo umejipinda, na utumbo uliojipinda unaweza kukosa damu na kufa ndani ya saa chache. Hapa hakuna kusubiri asubuhi wala kujaribu kumnyonyesha tena aone kama atatulia. Mtoto apelekwe hospitali yenye huduma ya upasuaji mara moja, na ile nguo au nepi yenye matapishi ichukuliwe, kwa kuwa daktari akiiona rangi yenyewe hupunguza mabishano ya maelezo.

Matapishi yanayoruka mbali ni alama nyingine. Katika umri wa kati ya wiki mbili na nane, na zaidi kwa watoto wa kiume, msuli ulio kwenye njia ya kutokea mfuko wa chakula huweza kunenepa hadi maziwa yasipite kwenda kwenye utumbo. Mtoto huyu hakuanza hivyo. Alikuwa akinyonya vizuri, kisha siku hadi siku matapishi yakawa ya nguvu zaidi, yakaanza kuruka hatua moja au zaidi kutoka mdomoni, karibu kila baada ya mlo, yakiwa meupe bila ukijani. Akimaliza kutapika huwa na njaa kali na hutaka kunyonya tena, na njaa hiyo huwadanganya watu wakaona bado ana nguvu zake. Choo hupungua, mkojo hupungua, uzito hushuka. Picha ya ultrasaundi huonyesha msuli ulionenepa, mtoto hurudishiwa kwanza maji na chumvi mwilini kwa dripu, kisha hufanyiwa upasuaji mfupi wa kuupasua msuli huo, na wengi hurudia kunyonya muda mfupi baadaye.

Alama nyingine za kumpeleka mtoto haraka ni damu kwenye matapishi, au chembe zinazofanana na unga wa kahawa, tumbo lililovimba na kuwa gumu, utosi uliovimba na kujaa hata mtoto asipolia, homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu, degedege, kulegea au kulala kupita kawaida hadi asiamke kunyonya, na kubadilika rangi kuwa ya bluu au kusimama kwa pumzi. Damu wakati mwingine hutokana na chuchu za mama zilizopasuka, lakini ni daktari wa kulithibitisha hilo. Vilevile, kutapika kunakoanza kwa mara ya kwanza baada ya mtoto kufikisha miezi sita, au kunakoendelea baada ya mwaka mmoja, hakulingani na mwendo wa kucheua niliouelezea juu, na hutaka maelezo mengine.

Kuhusu kulala, ushauri ni mmoja kwa mtoto anayecheua na kwa mwenye ugonjwa: alale chali, juu ya kitanda kilichonyooka na kigumu kiasi, bila mto. Hofu ya kwamba atapaliwa akiwa chali inaeleweka, lakini maumbile yamejipanga vinginevyo. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio, hivyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda ili yaingie kwenye hewa. Akilala kifudifudi, mpangilio hugeuka. Kumlaza kifudifudi au ubavu huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini, na viti vya kuegemea au vya gari havifai kuwa kitanda, kwa sababu mwili wake hujikunja, tumbo likabanwa, maziwa yakapanda zaidi, na kidevu kikashuka kifuani na kuziba hewa.

Vivyo hivyo, maziwa yasikolezwe kwa nafaka au kitu kingine chochote nyumbani bila maelekezo, hasa kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Kukoleza hupunguza kucheua kunakoonekana, lakini hufanya mlo kuwa mzito wa nguvu kuliko mtoto anavyohitaji, na humfanya mzazi aamini kwamba tatizo limekwisha kwa sababu tu kitambaa kimekauka.

Mzazi aliyeamua kwenda kwa daktari atamsaidia sana akibeba rekodi ya siku tatu: saa ya kila mlo, muda au kiasi cha maziwa, kama mtoto alicheua au alitapika na kwa rangi gani, idadi ya nepi zilizolowa, na uzito wote ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki. Video fupi ya mtoto akinyonya na akipinda mgongo hueleza mengi kuliko maneno. Iwapo ataandikiwa dawa ya asidi, aulize siku hiyohiyo ni dalili ipi inayotarajiwa kupungua na ni lini itatathminiwa. Muda wa kawaida ni wiki nne, na kama dalili hiyo haijabadilika kufikia hapo, dawa husimamishwa na sababu nyingine hutafutwa.